Sura ya Nne Imechelewa: Barua Inayomfaa Msimamizi

Mwanafunzi wa uzamili aliyeahidi sura ya matokeo mwishoni mwa Februari, na sasa ni Machi 3, huanza kukwepa simu ya msimamizi wake. Ukimya huo humdhuru kuliko ucheleweshaji wenyewe, kwa sababu msimamizi hawezi kupanga muda wa kusoma kazi asiyojua iko wapi.

Barua nzuri huanza na hali ilivyo. Tuseme mwanafunzi huyo alirekodi mahojiano 24 ya dakika 45 kila moja, na amenukuu 9. “Nilikuwa na changamoto” haimwelezi msimamizi chochote. “Nilikadiria saa mbili za unukuzi kwa kila saa ya sauti, lakini zinahitajika tano” humwonyesha kosa lilipo. Samahani moja inatosha.

Ratiba mpya itoke kwenye hesabu hiyohiyo. Mahojiano 15 yaliyobaki ni zaidi kidogo ya saa 11 za sauti, yaani saa 56 za kazi. Mwajiriwa anayepata saa 12 kwa wiki atamaliza Aprili 7. Kupanga data kwa mada kutafika Aprili 21, kuandika Mei 12, na wiki moja ya akiba itaifikisha rasimu Mei 19. Wengi huiacha wiki hiyo ili kumfurahisha msimamizi, kisha huandika barua ya pili.

Aambatishe pia sehemu iliyokwisha, hata kurasa sita, na aulize: “Profesa, je, tarehe hizi zinakufaa?”