Saa Nane Usiku, Mwezi wa Septemba: Kipimo cha Zahanati ya Kijiji

Mwaka 2007 Serikali ilipoanza kutekeleza Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, MMAM, ilijiwekea lengo la zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Utaratibu uliokuja kuzoeleka ni wananchi kuchangia nguvu na fedha mpaka boma lifike usawa wa renta, kisha wasubiri fedha za umaliziaji. Kwa miaka ya karibuni kiwango kinachofahamika vijijini ni shilingi milioni 50 kwa boma moja la zahanati. Njia hiyo imejenga zahanati nyingi. Imeacha pia maboma yaliyoota majani, na majengo yaliyopakwa rangi ambayo ikifika saa tisa na nusu alasiri yanafungwa kwa kufuli hadi kesho yake.

Tofauti kati ya boma lililokwama na zahanati inayofanya kazi mara nyingi huonekana kwenye karatasi kabla msingi haujachimbwa, endapo upembuzi yakinifu umefanywa kweli. Ili tuone unavyofanywa, tuchukue kijiji cha mfano katika eneo la Misima, wilayani Handeni, upande wa Korogwe. Tukipe watu 3,200 na umbali wa kilomita 9 hadi kituo cha karibu. Takwimu za kijiji hiki ni za kukisia, lakini hesabu zake ndizo anazopaswa kufanya mtaalamu yeyote akiwa na takwimu halisi mkononi.

Kipimo chenyewe kiwe kimoja: je, mama akishikwa na uchungu saa nane usiku, mwezi wa Septemba, kiangazi kikiwa kimekaza, atapokelewa na kuzalishwa salama? Andiko la mradi likiweza kujibu swali hilo, mengine yote yatakaa sawa.

Tuanze na mahitaji. Tukikadiria watoto 36 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, kijiji hiki kitakuwa na uzazi wa takriban 115, yaani wastani wa mara mbili hivi kwa wiki. Tukikadiria tena kwamba kila mtu atafika zahanati mara moja kwa mwaka, tunapata wagonjwa 3,200, ambao ni 12 au 13 kwa kila siku ya kazi. Hesabu hii fupi inaamua ukubwa wa jengo. Kitanda kimoja cha kuzalishia kinatosha, pamoja na vitanda viwili vya kupumzikia. Wanaochora jengo la vyumba 14 kwa sababu kijiji jirani wamejenga hivyo wanajitafutia gharama ya paa, rangi na usafi kwa vyumba vitakavyogeuka stoo.

Swali la pili ni la kisheria, nalo huja mapema kwa sababu kulijibu hakuna gharama kubwa, ilhali kulipuuza kunaweza kuua mradi mzima. Kiwanja kitatoka wapi? Mara nyingi mzee mmoja husimama mkutanoni akatoa ekari zake, watu wakapiga makofi, na mafundi wakaanza kazi. Mzee akifariki, watoto wake hudai kwamba baba yao aliazimisha tu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu wa kijiji una sauti katika ugawaji wake. Kwa hiyo faili la upembuzi liwe na muhtasari wa mkutano mkuu wenye mahudhurio na sahihi, maandishi ya mtoa ardhi na ya wanafamilia wenye haki humo, makubaliano ya fidia kama ipo, na mchoro wa mipaka uliopimwa majirani wakiwepo. Kama mwombaji ni mtu binafsi au taasisi, kuna sharti jingine: kituo binafsi cha tiba hakifunguliwi bila kusajiliwa na mamlaka za wizara ya afya, na masharti ya usajili huo yanahusu mpaka ukubwa wa vyumba. Anayeyasoma baada ya kuezeka huishia kubomoa kuta.

Ndipo tuingie kwenye ufundi, ambao Misima una mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza ni udongo. Yachimbwe angalau mashimo matatu ya majaribio mahali jengo litakapokaa, kila moja la kina cha mita 1.5 hadi 2. Udongo mwekundu wenye changarawe hauna shida kubwa. Wa kuogopwa ni udongo mweusi wa mfinyanzi, unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa masika. Kuna jaribio rahisi: udongo mkavu uliosagwa na kuchekechwa hutiwa kwenye chombo chenye vipimo, hujazwa maji na kuachwa kwa saa 24. Ujazo wake ukifika maradufu, udongo huo utainua na kushusha kuta kila mwaka, na nyufa za mshazari zitaanzia kwenye pembe za madirisha. Kuuondoa wote na kujaza moramu kunawezekana, lakini kwa jengo dogo kuhamia kiwanja kingine hatua mia moja juu ya mteremko huwa nafuu zaidi.

La pili ndilo zito: maji. Handeni imeteseka na uhaba wa maji kwa vizazi. Ndiyo maana katika miaka ya 1970 lilijengwa bomba kuu linalojulikana kama HTM, la kuvuta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe, na ndiyo maana Handeni imo tena katika mradi mpya wa maji wa miji 28. Visima virefu huchimbwa, lakini katika maeneo mengi ya wilaya maji yake huwa ya chumvi, hivyo kisima kisiandikwe kwenye andiko kabla maji hayajapimwa maabara.

Sasa tufanye hesabu ya maji ya mvua. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vinataka lita 5 kwa mgonjwa wa nje na lita 100 kwa kila uzazi. Wagonjwa 13 ni lita 65, uzazi mara mbili kwa wiki ni kama lita 30 kwa siku, na usafi wa jengo tuupe lita 105. Familia mbili za watumishi, za watu watano kila moja, kwa lita 20 kila mtu, ni lita 200. Jumla ni lita 400 kwa siku. Mabati ya zahanati na nyumba ya watumishi yakiwa na mita za mraba 280, mvua ya milimita 800 kwa mwaka ikanyesha, na asilimia 80 ya maji ikafika tankini, tunavuna lita 179,000. Mahitaji ya mwaka ni lita 146,000. Inatosha. Lakini mwaka mkavu wa milimita 600 unatoa lita 134,000 tu, pungufu ya lita 12,000.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye hifadhi. Kuanzia Juni hadi Septemba ni takriban siku 120 zenye mvua kidogo sana, na siku hizo zinahitaji lita 48,000. Tanki la plastiki la lita 5,000, lile linaloonekana pembeni ya zahanati nyingi, likijaa pomoni linakwisha kwa siku 12 na nusu. Yanahitajika matanki kumi, au moja kubwa la kujengea kwa saruji na nondo. Bajeti iliyoandika "tanki moja" imeshaamua, bila kujua, kwamba Septemba mama atakuja na ndoo yake.

Upande wa uendeshaji, hesabu ya kwanza ni ya saa. Wiki ina saa 168, na sheria ya kazi inaweka saa 45 za kawaida kwa mfanyakazi. Ukigawa unapata 3.7, maana yake zamu za usiku na mchana zinahitaji karibu watumishi wanne, kabla hujatoa likizo, semina na ugonjwa. Kijiji kikipewa wawili, huduma ya usiku itawezekana tu wakiwa wanaishi hatua chache kutoka wodini na kuitwa inapobidi. Nyumba ya watumishi kwa hiyo si ya awamu ya pili. Ikikosekana, muuguzi atapanga mjini Handeni au Korogwe, ataingia asubuhi kwa bodaboda na kuondoka jua likishuka.

Watumishi hawaajiriwi na kijiji, na dawa za Bohari ya Dawa haziletwi kwenye kituo kisichosajiliwa. Upembuzi haujakamilika mpaka iwepo barua ya Mganga Mkuu wa halmashauri inayoeleza kama kituo kimo kwenye mpango wake, ikama itakuwa ya watu wangapi na kitaombewa usajili lini. Ahadi iliyotolewa jukwaani haikidhi.

Uchumi tumeuweka mwisho kwa sababu sasa tunajua tunalipia nini. Tukadirie majengo na matanki yana thamani ya shilingi milioni 150. Matengenezo kwa asilimia 2 ni milioni 3 kwa mwaka. Mlinzi na mtu wa usafi, kwa laki nne kwa mwezi wote wawili, ni milioni 4.8. Umeme na matengenezo ya jokofu la chanjo, kwa 60,000 kwa mwezi, ni 720,000. Jumla ni milioni 8.52, mishahara ya wauguzi na dawa ikiwa nje. Mapato je? Wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wasio na uwezo wana msamaha, na hao ndio wateja wakuu wa zahanati. Wakibaki wagonjwa 1,600 wanaolipa shilingi 3,000, zinapatikana milioni 4.8, na sehemu yake lazima irudi kununua dawa. Pengo ni milioni 3.72 au zaidi, kila mwaka. Kijiji kionyeshe kwa maandishi litazibwa na nini: fedha zinazotumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, malipo ya bima, au mchango wa kaya. Likiachwa wazi, kitakachoanza kukatwa ni mlinzi, kisha matengenezo.

Upembuzi wa haki hupima pia njia mbadala. Kwa kijiji hiki mbadala ni huduma ya mkoba ya chanjo na kliniki kila mwezi, ikiunganishwa na usafiri wa dharura wa m-mama unaoitwa kwa namba 115. Kwa watu 800 njia hiyo ingeshinda. Kwa uzazi 115 na kilomita 9, zahanati inashinda, ila kwa masharti.

Pendekezo basi liandikwe hivi: ijengwe zahanati ndogo yenye chumba kimoja cha kuzalishia, pamoja na nyumba ya familia mbili na hifadhi ya lita 50,000, vyote katika awamu moja. Ujenzi usianze kabla ya muhtasari wa ardhi, majibu ya udongo na barua ya Mganga Mkuu kuwamo kwenye faili. Fedha zikipungua, kipunguzwe chumba cha wagonjwa wa nje, na wagonjwa wasubiri barazani. Nyumba na matanki visiguswe.