Inveta Ipi Inachanganya Jua na LUKU?

Nyumba moja Dar es Salaam, saa saba mchana, inatumia wati 1,500: friji, pampu ya maji na pasi. Paneli zilizo juu ya bati zinatoa wati 1,000.

Inveta ya kawaida ya sola, hata ikiunganishwa na TANESCO, mara nyingi huchagua upande mmoja. Pengo la wati 500 hulichota kwenye betri. Betri ikishuka, swichi ya ndani inalia "tak!" na mzigo wote unahamia LUKU, jua likibaki kuchaji betri tu.

Ya haibridi huchanganya: wati 1,000 za jua, 500 za TANESCO, betri haiguswi.

Ila ina mtego. Inaweza kusukuma umeme wa ziada nje, na baadhi ya mita za malipo ya kabla huuhesabu kama matumizi. Fundi afunge kihisi cha mkondo kwenye waya wa moto unaotoka kwenye mita, kisha azime urudishaji. Uniti zikiisha upesi jua likiwa kali na vifaa vimezimwa, kihisi huenda kimefungwa kinyume.

Anayetumia umeme mwingi mchana anunue haibridi. Kwa taa na televisheni za usiku, ya kawaida inatosha.