Kujisikia freshi si kipimo: Kwa nini anayemeza ARV anapimwa wingi wa virusi

Chukua mfano wa mtu anayechukua ARV kliniki ya CTC, Singida Mjini. Hana homa wala kikohozi. Kwa nini bado anatolewa damu?

VVU hushambulia seli za CD4, zile zinazoamuru kinga ya mwili ipambane. Kirusi kikiingia, seli inageuzwa kiwanda cha virusi vipya, kisha inakufa. Mwili hutengeneza seli nyingine, lakini taratibu unazidiwa. Hilo huchukua miaka, ndiyo maana mtu anaweza kujisikia freshi tu.

Kipimo cha wingi wa virusi huonyesha tatizo kabla CD4 hazijashuka. Hufanywa miezi 6 baada ya kuanza dawa, mwezi wa 12, kisha kila mwaka.

Tuseme mwaka jana alikuwa na nakala chini ya 50 kwa mililita ya damu, safari hii 4,200. Habadilishiwi dawa papo hapo. Anaulizwa anavyomeza, anapewa ushauri kwa miezi 3, kisha anapimwa tena. Zikishuka, huenda alikuwa anaruka dozi. Zikibaki juu ya 1,000 na anameza vizuri, huenda virusi vimekuwa sugu, na hapo ndipo hufikiriwa kubadili dawa.