Risiti za Sadaka Kwenye Folda ya Pamoja

“Wapendwa washarika, Bwana Yesu asifiwe. Aliyetoa ahadi ya jengo kwa simu au benki apakie risiti yake kwenye folda hii kabla ya tarehe 31 Machi.” Mhazini akiishia hapo, atapokea picha mia zenye majina kama IMG_2041, asijue ipi ni ya nani. Baruapepe yake haina budi kueleza mambo mengine mawili: jina la faili, na nani ataliona.

Tuchukue msharika wa Kilutheri mwenye bahasha namba 214, aliyetuma shilingi 50,000 kwa M-Pesa Jumapili ya 16 Machi 2025. Anapiga picha ya skrini ya ujumbe wa uthibitisho, kisha anakata sehemu inayoonyesha salio lake, maana hilo halimhusu mhazini. Namba ya muamala, tarehe na kiasi lazima vibaki. Faili analiita hivi:

```
2025-03-16_214_jengo_50000
```

Mwaka ukitangulia, mafaili hujipanga yenyewe kwa tarehe. Namba ya bahasha inachukua nafasi ya jina, kwa hiyo mhazini anamjua mtoaji kupitia daftari lake. Kisha msharika anafungua kiungo akiwa ameingia kwenye akaunti yake ya Google, anagusa alama ya +, anachagua Upload, halafu picha.

Hapa ndipo pana tatizo ambalo wahazini wengi hawalioni mapema. Ili mtu apakie kwenye folda ya Google Drive, lazima apewe ruhusa ya Editor, na mwenye ruhusa hiyo anafungua risiti za wenzake na anaweza hata kuziondoa kwenye folda. Mjane aliyetoa shilingi 2,000 hapaswi kulinganishwa na jirani yake kwenye simu za usharika mzima. Tena faili lililopakiwa hubaki mali ya aliyelipakia. Akilifuta, mhazini naye analikosa, kwa hiyo inambidi atunze nakala yake. Ningemshauri atumie fomu ya Google Forms yenye sehemu ya kupakia faili. Msharika anaingia kwa akaunti yake vilevile, ila risiti inakwenda moja kwa moja kwenye Drive ya mwenye fomu, na washarika wengine hawaioni.

Risiti ikishafika, kazi bado. Picha inaweza kuwa ya muamala uliorudishwa, au mume na mke wamepakia ile ile kila mmoja kwa simu yake. Mhazini anaitafuta namba ya muamala kwenye taarifa ya akaunti ya usharika. Ikijitokeza kwenye mafaili mawili, anahesabu mara moja. Isipoonekana kabisa, haandiki kitu kwenye daftari hadi amempigia simu mwenye bahasha na kuuona ujumbe wenyewe.