TIN ya Mlipaji Inapokosewa Kwenye Cheti cha Kodi ya Zuio

Tuchukulie kampuni ndogo ya upimaji ardhi jijini Mwanza. Agosti 2024 ilikamilisha kazi ya mteja wake na kumpelekea ankara ya shilingi 12,000,000, na juu yake VAT ya asilimia 18, yaani shilingi 2,160,000. Kabla ya kulipa, mteja alikata kodi ya zuio ya asilimia 5, kama Sheria ya Kodi ya Mapato inavyomtaka amkate mtoa huduma aliye mkazi wa Tanzania. Makato hufanywa kwenye thamani ya huduma bila VAT, kwa hiyo alizuia shilingi 600,000, na benki kukaingia shilingi 13,560,000. Baadaye akatoa cheti cha kodi ya zuio, na mhasibu wa kampuni akakihifadhi kwenye jalada la mwaka.

Mwaka wa hesabu wa kampuni hiyo unaishia Desemba 31. Ilipofika wakati wa kupeleka ritani, ambayo mwisho wake ulikuwa Juni 30, 2025, faida inayotozwa kodi ilikuwa shilingi 30,000,000. Kwa kiwango cha asilimia 30 kinachotozwa makampuni, kodi ya mwaka ni shilingi 9,000,000. Kampuni ilikuwa imeshalipa shilingi 8,400,000 kwa awamu. Ukiongeza ile 600,000 iliyozuiwa na mteja, hesabu inafunga bila deni. Miezi kadhaa baadaye ikaja barua kutoka Mamlaka ya Mapato: shilingi 600,000 hazikutambuliwa, zilipwe pamoja na riba. Sababu iliyotolewa ni kwamba hakuna malipo ya zuio yaliyoonekana kwa TIN iliyoandikwa kwenye cheti.

Cheti chenyewe hakina kasoro ya kuonekana kwa haraka. Jina la mteja ni sahihi, kiasi ni sahihi, muhuri upo. Kosa liko kwenye namba tisa za TIN ya mlipaji, ambazo ni za kampuni nyingine kabisa.

Mtu aliyekatwa hulitazama jina, na mara nyingi huishia hapo. Ofisa wa kodi huanzia kwenye namba. Anapokuta kwenye ritani dai la kodi iliyozuiwa, huchukua TIN ya mlipaji iliyo kwenye cheti, akafungua kumbukumbu za mlipaji huyo na kutafuta mambo mawili: kama alilipa kodi ya zuio kwa mwezi unaohusika, na kama jina na TIN ya aliyekatwa vimo kwenye orodha aliyowasilisha. TIN ikiwa ya mtu mwingine, utafutaji unaishia kwenye kumbukumbu zisizohusika. Mbele ya ofisa, fedha hizo hazijalipwa, hata kama ziliingia Hazina siku nyingi.

Hapa ndipo wengi hukimbilia kuomba cheti kipya, nao hukipata, kisha wanashangaa dai linakataliwa tena. Kabla ya kuomba chochote ni lazima ujue kosa limekaa wapi. Yawezekana limo kwenye karatasi peke yake, yaani mteja alilipa kwa TIN yake halisi ila aliyeandaa cheti akakosea kuchapa. Yawezekana pia limo kwenye malipo yenyewe, yaani fedha zililipwa chini ya TIN ya mwingine na cheti kikafuata. Hali ya kwanza inatibiwa kwa cheti kipya. Hali ya pili haitibiwi na cheti hata vikitolewa kumi, kwa sababu namba mpya kwenye karatasi itamwongoza ofisa hadi kwenye kumbukumbu ambazo nazo hazina malipo hayo.

Njia ya kutofautisha ni fupi. Anza na TIN sahihi ya mteja: iko kwenye mkataba, kwenye nakala ya cheti chake cha TIN kama mliombana nyaraka mwanzoni mwa kazi, na pengine kwenye risiti ya EFD uliyompa. TRA pia ina huduma ya kuhakiki TIN kwenye tovuti yake. Ilinganishe na iliyoko kwenye cheti tarakimu kwa tarakimu. Ikiwa tarakimu mbili zimepishana, au mwandishi ameweka VRN, ile namba ya usajili wa VAT ambayo humalizikia kwa herufi, kuna uwezekano mkubwa kwamba kosa ni la uchapaji. Lakini ikiwa TIN ni kamili na ni ya kampuni dada ya mteja, au ya mteja mwingine wa mhasibu yuleyule, shuku malipo. Mhasibu mmoja anayehudumia kampuni tatu anaweza kuingia kwenye akaunti ya hii akidhani yuko kwenye ile, na kila kitakachotoka humo, kuanzia kontroo namba hadi cheti, kitabeba TIN ya kampuni isiyohusika.

Dhana hiyo inathibitishwa na nyaraka moja tu: uthibitisho wa malipo ya kodi ya zuio ya mwezi huo. Mlipaji anatakiwa kupeleka kodi aliyozuia ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha, kwa hiyo kodi ya Agosti 2024 ilipaswa kulipwa kufikia Septemba 7. Mwombe mteja nakala ya malipo hayo pamoja na ukurasa wa orodha wenye jina lako. Usitegemee kuona shilingi 600,000 peke yake. Mteja hulipa jumla ya makato ya watoa huduma wote wa mwezi huo kwa mkupuo, na sehemu yako imo ndani yake. Unachotafuta ni TIN iliyolipiwa na mstari wako kwenye orodha. Mteja akikwepa kukuonyesha nyaraka hizo wiki baada ya wiki, kuna jambo la tatu la kufikiria: huenda alikata na hakulipa.

Katika mfano wetu wa Mwanza, malipo yalionekana chini ya TIN ya kampuni dada inayofanya usafirishaji. Orodha yote ya Agosti ilikuwa imeingizwa huko, ikiwa na watoa huduma wengine pia. Jambo hili linamsaidia aliyekatwa, maana mteja anayeona kwamba wazabuni wake wote wa mwezi huo watakataliwa madai yao hulishughulikia mapema kuliko anapofuatwa na mmoja.

Marekebisho ya hali hii yako mikononi mwa mlipaji. Aliyekatwa hawezi kuyafanya mwenyewe, na asithubutu kufuta namba kwa kalamu na kuandika nyingine juu yake. Kubadilisha nyaraka ya kodi iliyotolewa na mtu mwingine kunageuza kosa la karani kuwa tuhuma ya kughushi. Mlipaji ndiye anayemwandikia Meneja wa TRA wa mkoa anakohudumiwa, au Idara ya Walipakodi Wakubwa ikiwa yuko huko, akiomba malipo yahamishwe kutoka TIN iliyokosewa kwenda TIN yake. Barua hiyo itaje mwezi wa zuio, tarehe ya malipo, kontroo namba iliyotumika, kiasi chote kilicholipwa, TIN zote mbili na jinsi kosa lilivyotokea. Iambatanishwe na taarifa ya benki inayoonyesha fedha zilitoka kwenye akaunti ya nani, pamoja na orodha ya waliokatwa. Kampuni dada nayo iandike barua yake, ikikiri kwamba malipo hayo si yake na kwamba haikuwalipa watu hao. Bila kauli hiyo ofisa ana sababu nzuri ya kusita, kwa kuwa anaombwa kutoa fedha kwenye hesabu ya mlipakodi mmoja na kuzipeleka kwa mwingine.

Malipo yakishahamishwa na orodha kurekebishwa, ndipo cheti kipya kina maana. Kiwe na TIN sahihi ya mlipaji, TIN yako, mwezi uleule wa Agosti 2024, kiasi kilekile cha 12,000,000 na zuio lilelile la 600,000. Kieleze kwamba kinachukua nafasi ya cheti cha awali, kwa kutaja namba na tarehe ya kile cha zamani. Maelezo haya yanaonekana madogo, lakini yasipokuwepo utabaki na vyeti viwili vya kazi moja, na ofisa anayepitia jalada atauliza kama unadai mara mbili.

Kuna kosa jingine ambalo wahasibu wenye haraka hulifanya hapa. Cheti kipya kikitoka mwaka 2025, wanakiingiza kwenye ritani ya mwaka 2025. Kodi iliyozuiwa inafuata mwaka ambao pato lake lilipatikana. Pato ni la 2024, na dai ni la 2024, hata cheti kikisainiwa lini. Ukilihamisha, utakataliwa kwa mwaka mpya kwa sababu pato halimo, na deni la mwaka wa zamani litaendelea kuzaa riba.

Riba hiyo ndiyo sababu ya kutokaa kimya wakati mteja anahangaika na barua zake. Kama kilichokufikia ni barua ya kuulizia tu, jibu kwa maandishi: eleza kosa, ambatanisha mkataba, ankara, risiti ya EFD, taarifa ya benki yenye zile 13,560,000, na nakala ya barua ya mteja ya kuomba marekebisho. Taarifa ya benki ina uzito wa pekee, kwa sababu inaonyesha kwamba kati ya shilingi 14,160,000 za ankara, kilichopungua ni shilingi 600,000 kamili, yaani asilimia 5 ya 12,000,000.

Kama kilichofika ni hati rasmi ya tathmini ya kodi, mambo yana ukali zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inatoa siku 30 tangu kupokea hati kuwasilisha pingamizi. Mazungumzo ya simu na ofisa, hata yawe mazuri namna gani, hayasimamishi siku hizo. Pia pingamizi halipokelewi bila kulipa kodi usiyoipinga au theluthi moja ya kodi iliyotathminiwa, kutegemea ipi ni kubwa, isipokuwa Kamishna akikubali maombi ya kupunguza au kuondoa malipo hayo. Kwa hiyo peleka maombi hayo mapema, ukiambatanisha ushahidi kwamba fedha ziko Hazina chini ya TIN nyingine. Uamuzi wa pingamizi usipokuridhisha, hatua inayofuata ni Bodi ya Rufaa za Kodi, na huko mzigo wa kuthibitisha unabebwa na mlipakodi.

Inabaki ile hali ngumu ya mteja aliyekata bila kulipa, au aliyefunga ofisi. Sheria inamhesabu mzuiaji kuwa mdaiwa wa fedha alizokata, na TRA ina mamlaka ya kumfuata. Mwandikie Meneja wa mkoa wako ukiomba mlipaji akaguliwe, utaje TIN yake halisi na ile aliyoiandika kwenye cheti, na uambatanishe nyaraka zilezile za malipo. Barua iwe na muhuri wa kupokelewa, na nakala yake ikae kwenye jalada la pingamizi.