Kundi la Simu la Wakazi wa Jengo: Lalamiko Lenye Staha, Uamuzi Wenye Maandishi

Familia nyingi za mijini sasa zinaishi katika majengo ya ghorofa, na karibu kila jengo lina kundi lake la WhatsApp. Ukilifungua kundi hilo asubuhi utakuta salamu, tangazo la msiba, picha ya sambusa zinazouzwa, na katikati yake lalamiko la maji yanayovuja. Kufika jioni lalamiko limekuwa ugomvi, na baada ya miezi mitatu hakuna anayeweza kueleza kwa uhakika nini kilikubaliwa, wala fedha zilizochangwa zilikuwa za kazi gani.

Chanzo cha tatizo hili ni kulipa kundi kazi isiyo yake. Kundi linafaa sana kwa kupeana habari, kwa kuwa ujumbe mmoja huwafikia wote kwa mara moja. Halifai kutunza kumbukumbu. Tufuate jambo moja tangu lilipoanza hadi lilipokwisha, ili tuone mpaka kati ya kazi hizo mbili uko wapi.

Tuchukue mfano wa jengo la Dar es Salaam lenye fleti 16, nne katika kila sakafu. Dari ya bafu la fleti namba 6 imeanza kudondosha maji. Juu yake kuna namba 10, na juu zaidi namba 14. Mkazi wa namba 6, akiwa na hasira za siku nne, anaandika hivi: “Huyu wa juu amezidi. Maji yananimwagikia kila siku na hajali. Wengine hawakupaswa kuishi ghorofani.”

Ubaya wa ujumbe huu hauishii kwenye ukali wake. Ujumbe umekwisha kutoa hukumu kabla chanzo hakijajulikana, na fundi akiusoma hapati hata neno moja la kumsaidia. Maji ya darini yana lugha yake. Yakidondoka mchana na usiku bila kukoma, mara nyingi yanatoka katika bomba la maji safi, kwa sababu bomba hilo husukumwa na maji saa zote. Yakitokea baada ya watu kuoga tu, tazama bomba la maji machafu au maungio ya vigae vya sakafu ya juu. Yakija na mvua, ufa uko kwenye ukuta au paa. Na yakija kila tangi la juu linapojaa, huenda boya la tangi limeharibika na maji yanafurika. Kwa hiyo katika hali kadhaa kati ya hizi, aliyetukanwa hana kosa lolote.

Lalamiko lenye staha, basi, ni lile linalotaja kinachoonekana na kumwachia fundi kutafuta chanzo. Linahitaji mambo manne: ni wapi, tangu lini, hutokea wakati gani, na mlalamikaji anaomba nini. Lakini hata kabla ya kuliandika kundini, hodi hutangulia. Mkazi wa namba 6 apande ngazi au atume ujumbe wa faragha: “Shikamoo mama. Dari yetu ya bafuni inadondosha maji. Tunaomba fundi atazame na upande wenu.” Mama aliyeamkiwa hivyo hufungua mlango. Aliyeaibishwa mbele ya fleti 15 huufunga, na fundi hawezi kukagua bafu asiloruhusiwa kuingia.

Ndipo ujumbe wa kundini unafuata: “Majirani, habari za asubuhi. Fleti namba 6, dari ya bafuni inadondosha maji tangu Jumamosi. Hutokea saa 12 asubuhi na saa 2 usiku, kisha hukoma. Nimekwisha kuzungumza na namba 10. Naomba kamati ilete fundi kabla ya Alhamisi.” Picha iambatanishwe, na iwe ya dari. Picha ya mtu, ya kamba ya nguo zake au ya mlango wake isiingie kundini. Na mlalamikaji aandike badala ya kurekodi sauti, kwa kuwa hasira husikika zaidi katika sauti, na ujumbe wa sauti wa dakika tano hakuna atakayeurudia kutafuta tarehe.

Upande wa kamati, jibu la kwanza lije siku hiyo hiyo, hata kama fundi hajapatikana: “Tumepokea. Fundi atakuja Jumatano saa 4 asubuhi. Namba 6 na namba 10 tunaomba awepo mtu nyumbani.” Makundi mengi huwaka kwa sababu ya ukimya kuliko kwa sababu ya maji yenyewe. Na iwapo majibizano yameanza, msimamizi asiingie kuamua nani ana haki. Anaweza kulifunga kundi kwa muda, wasimamizi pekee wakabaki na uwezo wa kuandika, kisha akawapigia simu wahusika wawili mmoja mmoja.

Turudi kwenye mfano wetu. Fundi anaiomba namba 10 isitumie bafu kwa siku moja, na maji yanaendelea kudondoka. Siku ya pili namba 14 nayo inaombwa kutotumia lake, wakati namba 10 inaendelea kama kawaida, na bado yanadondoka. Fundi anavunja kipande kidogo cha dari na kukuta kwamba ungio la bomba kuu la kushushia maji machafu limeachia. Bomba hilo linahudumia namba 2, 6, 10 na 14. Mama wa namba 10 aliyekaribia kutukanwa hakuwa na hatia. Sasa swali limekwisha kuwa jingine: nani alipe?

Hapa ndipo kundi linapohitaji tahadhari zaidi. Fundi mmoja ametaja shilingi 780,000, mwingine 640,000. Mmoja anaandika “sawa”, wengine wanaweka alama ya kidole gumba, mwingine anauliza kwa nini fleti zisizotumia bomba hilo zichangie. Je, yamekubaliwa? Hapana. Kidole gumba huenda kina maana ya “nimesoma”, na ukimya si ridhaa. Zaidi ya hayo, ndani ya kundi kuna baba, mama na kijana wao wa fleti moja, huku fleti nyingine ikiwa na simu moja tu. Ukihesabu simu, familia kubwa imepiga kura tatu. Kanuni iwe kwamba kila fleti ina sauti moja, na kila fleti imtaje mapema atakayeisemea.

Tena kuna tofauti kati ya mpangaji na mwenye fleti. Matengenezo ya mwili wa jengo, kama bomba kuu, paa au tangi, kwa kawaida ni mzigo wa wenye mali, na mpangaji hawezi kumwahidia mwenye nyumba wake gharama. Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za jengo, ambayo inatambua chama cha wamiliki wa sehemu hizo. Palipo na chama hicho, katiba yake ndiyo inayosema kikao kinatimia kwa watu wangapi na uamuzi unapita vipi. Kundi la simu halichukui nafasi ya kikao.

Kura ya kwenye WhatsApp inaweza kutumika kupima maoni, mradi mipaka yake ijulikane. Kila mtu huona nani amechagua nini, na aliyechagua anaweza kubadili. Kwa hiyo katibu atangaze saa ya mwisho, kisha saa hiyo ikifika ahesabu kwa namba za fleti. Katika mfano wetu, fleti 11 zilikubali, 2 zilikataa, 3 hazikujibu. Jengo lilikwisha kukubaliana kwamba uamuzi hupita kwa zaidi ya nusu ya fleti zote, yaani 9, hivyo hoja ilipita. Fleti tatu zilizonyamaza hazikuhesabiwa upande wowote.

Baada ya hapo katibu huandika ujumbe mmoja wa kufunga mjadala, wenye namba yake:

“UAMUZI NA. 7. Tarehe 14 Juni. Jambo: ungio la bomba kuu la maji machafu, upande wa fleti 2, 6, 10 na 14. Uamuzi: kazi apewe fundi wa pili kwa shilingi 640,000. Kila fleti itachangia shilingi 40,000 kwa kuwa bomba ni mali ya jengo zima. Waliokubali 11, waliokataa 2, wasiojibu 3. Mwisho wa kuchanga: 21 Juni, kwa mweka hazina. Fundi atalipwa nusu akianza, na nusu baada ya mabafu yote manne kutumika saa 24 bila dari kudondosha maji. Msimamizi wa kazi: fleti namba 3.”

Ujumbe huu unabeba nani, nini, kiasi gani, lini, na kazi itajulikanaje kuwa imekwisha. Aliyekataa naye amehesabiwa, hivyo hana sababu ya kusema hakusikilizwa. Sehemu ya mwisho ndiyo inayosahauliwa mara nyingi, na bila hiyo fundi hulipwa zote huku dari ikiendelea kudondosha.

Ujumbe huo ubandikwe juu ya kundi, lakini usiachwe huko tu. Uliobandikwa hudumu siku 30 kwa muda mrefu zaidi. Mwandishi anaweza kuuhariri ujumbe wake ndani ya dakika 15, na kuufuta kwa wote kwa siku mbili na zaidi. Msimamizi anaweza kufuta hata wa mwenzake. Kundi likiwa limewekwa ujumbe wa kutoweka, ujumbe unaotumwa tangu hapo huondoka baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Simu nayo huibiwa. Kwa hiyo siku hiyo hiyo katibu anakili uamuzi katika kaunta buku la jengo, kwa namba ile ile, na watu wawili wa kamati watie saini. Risiti ya fundi igundishwe ukurasa huo huo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, na michango ya majirani ni amana inayostahili uangalifu huo huo. Nakala nyingine ibandikwe penye ngazi, kwa ajili ya mzee wa sakafu ya chini asiye na simu ya aina hiyo.

Kuhusu michango, mweka hazina ataje kundini jumla iliyopokelewa tu: “Fleti 12 zimekwisha kulipa.” Ambazo bado azikumbushe kwa faragha. Orodha ya wadaiwa ikitangazwa humfichua hata baba aliyeachishwa kazi wiki iliyopita, ambaye angeomba nafasi ya wiki mbili kama angeulizwa kwa siri.

Mwezi Novemba, mpangaji mpya wa namba 14 akiuliza kwa nini rangi ya dari ya namba 6 haifanani, hakuna atakayehitaji kupekua maelfu ya ujumbe wala kukumbushana nani alimwambia nani nini. Katibu atafungua kaunta buku, Uamuzi Na. 7, na kumsomea.