Masurufu ya Kusi

Katika vijiji vya mashariki ya Unguja, kama Paje na Jambiani, masurufu ni jukumu la mume. Hata mke akiwa na chake, sharia na mila zinamtaka mume alishe nyumba, na mali ya mke hubaki ya mke. Zamani hilo halikuleta maneno mengi, kwa kuwa wanawake wengi hawakuwa na fedha za kutajika. Mambo yalibadilika kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza huko, mwaka 1989. Wake wakawa na pesa zao mkononi, na ndani ya nyumba likazuka swali geni.

Swali hilo hujitokeza zaidi wakati wa kusi. Bahari huchafuka, na mvuvi wa mtumbwi akalala siku kadhaa bila kwenda pwani. Tuseme mume aliyezoea kuacha shilingi 10,000 kila asubuhi sasa anaacha 4,000. Mke anajaza 6,000 kutoka kwenye pesa za mwani, siku baada ya siku, na hapana anayesema kitu. Kwa siku 20 zimekwenda 120,000. Mume anaziona msaada wa mke mwema. Mke anazihesabu kama deni. Bahari ikitulia, mume ananunua nyavu mpya, na hapo ndipo mlango wa chumbani unapoanza kubamizwa.

Wake wengine hujifunga kanga yenye jina la kuchoma, wakapita nayo mbele ya mume. Kanga inapeleka ujumbe, lakini haipokei jibu, na mume anaweza kujifanya hajui kusoma! Dalili nyingine iko dukani: daftari la mkopo linapojaa upande wa mchele na sukari, jua ndani hawazungumzi.

Wanaojua kukaa kitako hungoja watoto walale na chakula kiwe kimeshaliwa. Mke haanzi na "wewe huachi kitu." Anaanza na ya sokoni:

"Baba Asha, mchele na kitoweo vya leo vimekula elfu kumi. Zako nne, zangu sita. Hizi zangu tuziite nini?"

"Bahari haitoi, mama Asha. Kulipa sasa siwezi."

"Sikudai leo. Nataka tujue tu."

Basi wanaamua: 3,000 za kila siku ni sadaka ya mke kwa nyumba, 3,000 ni mkopo, utakaolipwa kidogo kidogo bahari ikitulia, kabla ya nyavu. Kwa siku 20, deni ni 60,000. Naona mazungumzo haya yana faida yakifanyika wiki ya kwanza ya kusi. Yakicheleweshwa, kila mmoja huwa ameshajijengea hesabu yake moyoni.

Wakishindwana, huitwa mzee mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke, kama Surat An-Nisaa, aya ya 35, inavyoelekeza. Kwa kadhi huenda waliokwisha kupita hapo.